Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: barua pepe ya afisa fedha kwa mfadhili kuhusu bajeti iliyorekebishwa, na namna ya kuhakiki tarakimu zake

Majibu haya ni kwa afisa fedha au mhasibu wa shirika lisilo la kiserikali ambaye bajeti yake imebadilika katikati ya mradi na sasa anatakiwa kumwandikia mfadhili. Mfano ni mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho: mradi wa kuchimba visima vinne katika vijiji vinne vya mkoa wa Dodoma. Tarakimu ni za kufundishia tu, lakini makosa yaliyomo ni yale yanayojirudia katika barua nyingi za aina hii.

Mfano wenyewe ukoje?

Mkataba wa ruzuku ni wa mwaka mmoja. Gharama za moja kwa moja ni shilingi 210,000,000, na juu yake kuna 7% ya gharama za uendeshaji wa shirika, yaani 14,700,000. Jumla ni 224,700,000. Bajeti ilipoandaliwa, kina cha visima kilikadiriwa mita 80, kwa kufuata visima vya vijiji jirani. Upimaji wa maji chini ya ardhi ulifanyika baada ya mkataba kusainiwa, na ukaonyesha kwamba katika vijiji viwili inabidi kwenda mita 120. Mkandarasi anatoza shilingi 135,000 kwa kila mita ya ziada, bei hiyo ikijumuisha mabomba ya kukinga ukuta wa kisima.

Wakati huohuo nafasi ya afisa wa uwandani ilikaa wazi kuanzia 1 Machi hadi 31 Mei. Mshahara wake haukulipwa, na pikipiki yake haikutumia mafuta. Pesa hizo ndizo zinazoombwa zihamie kwenye uchimbaji. Mkataba unasema fungu lolote likibadilika kwa zaidi ya 10% ya kiasi chake cha awali, kibali cha maandishi kipatikane kabla ya pesa kutumika.

| Fungu | Awali | Mpya | Tofauti |
|---|---|---|---|
| Mishahara | 67,200,000 | 58,800,000 | -8,400,000 |
| Uchimbaji | 84,000,000 | 94,800,000 | +10,800,000 |
| Mafunzo ya kamati za maji | 26,400,000 | 26,400,000 | 0 |
| Usafiri | 18,000,000 | 15,600,000 | -2,400,000 |
| Ofisi | 14,400,000 | 14,400,000 | 0 |
| Jumla ndogo | 210,000,000 | 210,000,000 | 0 |

Hii hapa rasimu ya kwanza ya barua:

> Ndugu Meneja wa Ruzuku,
>
> Tunapenda kukujulisha kuwa kutokana na mabadiliko mbalimbali yaliyojitokeza uwandani, bajeti ya mradi imelazimika kurekebishwa. Gharama za uchimbaji zimepanda kutoka shilingi 84,000,000 hadi 98,400,000 kwa sababu visima viwili vitachimbwa hadi mita 120. Ongezeko hili la 5.1% liko chini ya kiwango cha 10% kilichotajwa kwenye mkataba. Fedha zitatokana na kupunguza mishahara kwa miezi minne (8,400,000) pamoja na usafiri (2,400,000). Jumla ya bajeti inabaki shilingi 210,000,000. Jedwali limeambatishwa.

Ukiisoma haraka haina shida, Kiswahili chake ni safi. Ina makosa manne ya tarakimu na sentensi mbili zitakazomfanya mfadhili apige simu.

Nianze na lugha au na tarakimu?

Anza na tarakimu, na usizichanganye na lugha katika usomaji mmoja. Jicho linalofuata mtiririko wa sentensi huipita namba bila kuiona, na hapo ndipo 98,400,000 inaponusurika. Usomaji wa kwanza uwe wa namba tu: pigia mstari kila tarakimu, kila asilimia, kila tarehe na kila idadi iliyoandikwa kwa maneno kama “viwili” au “minne”. Kisha kwa kila moja jiulize imetoka wapi. Lazima kuwe na seli kwenye jedwali, mstari kwenye leja, ankara kifani, ripoti ya upimaji au kifungu cha mkataba. Namba isiyo na chimbuko haitumwi.

Katika rasimu yetu “miezi minne” haina chimbuko. Nafasi ilikuwa wazi Machi, Aprili na Mei, na afisa mpya alianza kazi 1 Juni. Hiyo ni miezi mitatu. Bajeti ilipanga 2,800,000 kwa mwezi kwa nafasi hiyo, michango ya mwajiri ikiwa ndani yake, na mara tatu inakuja 8,400,000. Kwa hiyo kiasi ni sahihi, neno ndilo lililokosea. Kosa la namna hii ni baya kwa sababu mfadhili atafanya hesabu yake, apate 11,200,000, na aanze kujiuliza 2,800,000 zimekwenda wapi.

Nawezaje kugundua tarakimu zilizogeuzwa?

Toa namba moja kwenye nyingine, kisha gawanya kwa 9. Tarakimu mbili zilizo jirani zikibadilishana nafasi, tofauti inayopatikana hugawanyika kwa 9 bila baki. Jedwali linasema 94,800,000, barua inasema 98,400,000. Tofauti ni 3,600,000, na ukigawanya kwa 9 unapata 400,000 kamili. Dalili hiyo inakuambia utafute 4 na 8 zilizobadilishana viti kabla ya kupoteza mchana mzima ukitafuta ankara iliyosahaulika.

Kipimo hiki hakithibitishi chochote peke yake, kwani kuna tofauti nyingine zinazogawanyika kwa 9 kwa bahati tu. Kinakuonyesha pa kuanzia. Uthibitisho ni hesabu yenyewe: visima 2, mara mita 40 za ziada, mara 135,000, ni 10,800,000. Ukijumlisha na 84,000,000 unapata 94,800,000.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni ya watu wawili. Mmoja anashika jedwali, mwenzake anashika barua, na anayeshika barua anasoma kwa sauti tarakimu moja moja: “tisa, nane, nne…” Anayeshika jedwali atamkatiza hapohapo. Aliyeandaa jedwali asiwe ndiye anayesoma barua, maana ataitamka namba aliyoikariri kichwani badala ya ile iliyoandikwa.

Asilimia nipige kwa msingi upi?

Kwa msingi ambao mkataba umeutaja, na hapa ndipo barua nyingi huharibika kabisa. Rasimu yetu inasema ongezeko ni 5.1%. Namba hiyo imepatikana kwa kugawanya 10,800,000 kwa jumla ndogo ya 210,000,000. Lakini mkataba unazungumzia kiasi cha awali cha *fungu*. Kwa hiyo ni 10,800,000 kugawanya kwa 84,000,000, sawa na 12.9%.

Angalia kosa hilo limefanya nini. Halikubadilisha shilingi hata moja kwenye jedwali, lakini limegeuza aina ya barua. Kwa 5.1% afisa fedha anadhani anatoa taarifa tu na anaweza kumlipa mkandarasi kesho. Kwa 12.9% anatakiwa kuomba kibali na kusubiri jibu. Akilipa bila kibali, mkaguzi wa hesabu anaweza kuzikataa gharama hizo, na shirika likazirudisha kutoka mfukoni mwake.

Piga pia asilimia za mafungu yaliyotoa pesa. Mishahara imepungua kwa 12.5%, usafiri kwa 13.3%. Yote mawili yamevuka 10%, kwa hiyo kibali kinahusu mafungu matatu. Watu wengi huangalia fungu linaloongezeka tu.

Je, kila mfadhili ana 10%?

Hapana. Katika mikataba ya ruzuku ya Umoja wa Ulaya kwa miradi ya nje, masharti ya jumla kwa kawaida yanaruhusu uhamisho kati ya mafungu makuu bila mkataba wa nyongeza mradi badiliko halizidi 25% ya kiasi cha awali cha kila fungu kuu linalohusika. Fungu la gharama za uendeshaji haliguswi kwa njia hiyo. Kwa ruzuku za serikali ya Marekani, kanuni ya 2 CFR 200.308 inaliwezesha shirika linalotoa ruzuku kudai kibali pale uhamisho uliolimbikizwa unapozidi 10% ya bajeti *yote* iliyoidhinishwa, na hilo linahusu ruzuku kubwa.

Uhamisho wetu uleule ungepita chini ya kiwango kwa wafadhili hao wawili. Kwa mfadhili wa mfano wetu haupiti. Kwa sababu hiyo usichukue sentensi ya asilimia kutoka barua ya mradi mwingine, hata kama iliandikwa na mtu mwenye uzoefu. Fungua mkataba, soma kifungu, na utaje namba ya kifungu hicho kwenye barua.

Jedwali langu la Eksel lina jumla sahihi. Nikague nini tena?

Jumla inaweza kuonekana sahihi huku fomula ikiwa imeacha mstari. Hutokea pale unapoingiza mstari mpya mwishoni mwa orodha, chini ya ule wa mwisho uliomo kwenye fomula. Bonyeza seli ya jumla uone inaanzia wapi na inaishia wapi. Ikiwa mafungu yapo mstari wa 4 hadi wa 8, safu C ni ya awali, D ni mpya na E ni tofauti:

```
=SUM(D4:D8)
=D5-C5
=(D5-C5)/C5
=SUM(E4:E8)
=ISTEXT(D5)
```

Ile ya nne ndiyo muhimu kwa uhamisho usioongeza bajeti: jibu lake lazima liwe 0. Ikiwa si 0, kuna pesa iliyotoka bila kufika au iliyofika bila kutoka. Ya tano inakamata namba iliyobandikwa kutoka barua pepe au PDF na kuhifadhiwa kama maandishi. Eksel huiruka kwenye jumla bila kukuambia, na dalili yake machoni ni kwamba namba hiyo imekaa upande wa kushoto wa seli wakati wenzake wako kulia.

Kagua pia mistari iliyofichwa. Mfadhili akiifungua atakuta mambo uliyoandika kwa matumizi ya ofisini.

Kwa nini “Jumla ya bajeti inabaki shilingi 210,000,000” ni kosa?

Kwa sababu mkataba uliosainiwa unasema 224,700,000. Afisa fedha amechukua jumla ndogo, na kwa kuwa siku nzima alikuwa anashughulika na gharama za moja kwa moja, haikumgusa. Msomaji upande wa pili ataona bajeti imepungua kwa 14,700,000. Andika jumla ya mkataba, kisha useme kiasi gani ndani yake ni gharama za uendeshaji. Kwa kuwa gharama za moja kwa moja hazijabadilika, 7% yake nayo haibadiliki. Kama zingepungua, gharama za uendeshaji zingepungua nazo, na hilo husahaulika sana.

Nimepata akiba kwenye mishahara. Ninaweza kuitaja yote?

Taja ile iliyopo kwenye leja, usitegemee ile ya kwenye hesabu ya kichwa. Nafasi ikiwa wazi kwa miezi mitatu, kwenye bajeti unaokoa mara tatu ya kiasi cha mwezi. Lakini huenda mtu mwingine alilipwa posho ya kukaimu, au tangazo la kazi lilitozwa kwenye fungu hilohilo. Toa leja ya fungu la mishahara kwa Machi, Aprili na Mei, linganisha na bajeti ya miezi hiyo, na chukua tofauti halisi. Katika mfano wetu hakuna aliyekaimu, kwa hiyo 8,400,000 imesimama.

Usafiri nao unafuata sababu ileile. Bajeti ilimtengea afisa huyo 800,000 kwa mwezi za mafuta na posho za safari, na miezi mitatu ni 2,400,000. Hilo liandikwe wazi, kwa sababu mfadhili akiona usafiri umepunguzwa bila maelezo atadhani ziara za vijijini zimekatwa. Sababu moja inayoeleza mafungu mawili humridhisha msomaji kuliko sababu mbili zisizohusiana.

Upande wa lugha, ni maneno gani yanayoleta matatizo?

“Kupunguza mishahara” kwanza. Meneja wa ruzuku anayeisoma atadhani mmewakata watumishi mishahara yao, na hilo ni suala la sheria ya kazi. Kilichotokea ni kwamba nafasi ilikuwa wazi. Sema hivyo.

La pili ni “mabadiliko mbalimbali yaliyojitokeza uwandani”. Sentensi hiyo haisemi kitu, na imekaa mahali pa sababu halisi ambayo ni nzuri na ina ushahidi: upimaji ulionyesha maji yako chini zaidi katika vijiji viwili. Jitahidi kila badiliko liwe na kilichotokea, kiasi chake, na kiambatisho kinachothibitisha. “Imelazimika kurekebishwa” nayo inaonyesha kama vile jambo limekwisha kufanyika. Unaomba, kwa hiyo andika “tunaomba”.

Tarehe ziandikwe kwa jina la mwezi. 03/06 ni Juni kwetu na ni Machi kwa Mmarekani.

Mfadhili wangu yuko Ujerumani. Nukta na koma zinaleta shida kweli?

Zinaleta. Kule 10.800.000,00 ndiyo milioni kumi na laki nane, na 12,9% ndiyo asilimia yetu ya 12.9. Hatari kubwa iko kwenye namba fupi: 4,000 inaweza kusomwa kama nne kamili. Fuata mtindo wa jedwali lililo kwenye mkataba wako na usiuchanganye na mwingine ndani ya barua moja. Kiasi kinachoombwa kiandikwe pia kwa maneno, mara moja.

Ruzuku yangu ni ya euro na matumizi ni ya shilingi. Nieleze vipi?

Tenganisha sababu mbili: bei iliyopanda, na thamani ya pesa iliyobadilika. Chukua fungu letu la uchimbaji kabla ya mita za ziada, shilingi 84,000,000. Tuseme bajeti iliandaliwa kwa euro 1 sawa na shilingi 2,800. Hiyo ni euro 30,000. Siku ya kubadilisha pesa benki inakupa 2,700, na kazi ileile sasa inahitaji euro 31,111.11. Umepungukiwa euro 1,111.11 ingawa mkandarasi hajapandisha hata senti.

Hapa watu wengi wanapotea, kwa sababu tumezoea kuona shilingi ikishuka na ruzuku ikinenepa. Mwishoni mwa 2024 shilingi ya Tanzania iliimarika kwa kasi dhidi ya dola, na miradi mingi ya pesa za kigeni ikajikuta na shilingi pungufu. Kwenye barua taja kiwango cha bajeti, kiwango kipya, tarehe yake na kilikotoka. Mkataba ndio unaoamua kilikotoka: baadhi ya mikataba ya Umoja wa Ulaya hutumia kiwango cha kila mwezi cha InforEuro, mingine hutaka kiwango ambacho benki ilikupa hasa siku ya kubadilisha. Usichukue kiwango cha wastani cha Benki Kuu halafu ukashangaa kwa nini taarifa ya benki hailingani.

Barua iliyosahihishwa inasomekaje?

> Kichwa: Ombi la kibali cha kuhamisha shilingi 10,800,000 kwenda uchimbaji wa visima
>
> Ndugu Meneja wa Ruzuku,
>
> Tunaomba kibali chako cha maandishi cha kuhamisha shilingi 10,800,000 (milioni kumi na laki nane) kwenda fungu la uchimbaji wa visima, kwa mujibu wa kifungu cha mkataba kinachohusu mabadiliko ya fungu yanayozidi 10%. Jumla ya bajeti haibadiliki. Inabaki shilingi 224,700,000, ikiwemo 14,700,000 ya gharama za uendeshaji.
>
> Upimaji wa maji chini ya ardhi umeonyesha kuwa visima viwili kati ya vinne vinahitaji kina cha mita 120 badala ya mita 80. Mita 40 za ziada kwa kila kisima, kwa bei ya shilingi 135,000 kwa mita, ni shilingi 10,800,000. Fungu la uchimbaji litapanda kutoka 84,000,000 hadi 94,800,000, sawa na 12.9%.
>
> Fedha hizi zipo kwa sababu nafasi ya afisa wa uwandani ilikuwa wazi kwa miezi mitatu, kuanzia 1 Machi hadi 31 Mei. Mshahara ambao haukulipwa ni 8,400,000 (12.5% ya fungu) na gharama za usafiri wake ni 2,400,000 (13.3% ya fungu). Afisa mpya alianza kazi 1 Juni, na ziara zilizobaki zitafanyika kama zilivyopangwa. Idadi ya visima na mafunzo ya kamati za maji haijabadilika.
>
> Ombi hili halihusu pampu. Aina ya pampu itathibitishwa baada ya jaribio la kupima wingi wa maji, na tutakuandikia ikiwa bei itabadilika.
>
> Bei ya mkandarasi inadumu hadi 30 Juni, hivyo tutashukuru kupata jibu kabla ya 20 Juni. Hatutasaini nyongeza ya mkataba wa uchimbaji kabla ya kibali chako.
>
> Viambatisho: bajeti iliyorekebishwa, ripoti ya upimaji, ankara kifani ya mkandarasi, leja ya mishahara na usafiri Machi hadi Mei.

Namba ya kifungu na jina la mradi utaviweka wewe. Aya ya pampu nimeamua kuibakiza ingawa inafungua mlango wa swali jingine. Mhandisi wa mfadhili angeuliza tu, kwa kuwa kisima kikienda chini zaidi huenda pampu iliyopangwa isifae, na ni afadhali asome kwamba mmeshalifikiria.

Nimeshatuma, kisha nimeona kosa. Nifanyeje?

Tuma barua nyingine siku hiyohiyo, kwenye mfululizo uleule. Sema namba ipi ilikosewa, ipi ni sahihi, na kama ombi lenyewe linabadilika au la. Ambatisha jedwali lenye jina jipya la faili na tarehe, kisha weka alama kwenye lile la zamani ofisini kwako ili asije mtu akalitumia kuandaa ripoti ya robo mwaka. Ukisahihisha kimyakimya kwenye ripoti ijayo, mfadhili atabaki na kibali cha kiasi kimoja na ripoti ya kiasi kingine.

Kibali kikija kwa simu kinatosha?

Hakitoshi. Mshukuru, kisha mwandikie dakika hiyohiyo: “Kwa mujibu wa mazungumzo yetu ya leo, umeridhia uhamisho wa shilingi 10,800,000 kama ulivyo kwenye barua yetu. Tafadhali thibitisha kwa kujibu barua hii.” Jibu lake, barua yako na toleo la jedwali lililoidhinishwa viwekwe pamoja kwenye jalada la mkataba. Bajeti mpya iingizwe kwenye mfumo wa uhasibu baada ya hapo, kwa tarehe ya kibali.